Milioni sita «waliouawa»: nani aliwahesabu, na alihesabu nini?

Kila mwaka tarehe 2 Agosti inapokaribia, hesabu zinaanza kutoka. Ukurasa mmoja unaandika kwamba Wakongomani milioni sita waliuawa. Mwingine unasema milioni nane. Mwingine unafikisha kumi, na kuna wenye kusukuma mpaka kumi na mbili. Chini yake wanaweka bendera, wanaweka picha ambayo mara nyingi haikupigwa hata hapa kwetu, na wanamalizia na maneno «kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa». Sisi watu wa redio tunanakili, tunasoma katika habari za asubuhi, na hesabu inaingia katika kila lupango kama kitu kilichopimwa kwenye mizani.

Ninasema wazi: tuache zoezi hilo. Wafu wa inchi hii ni wengi kupita kiasi, na ndiyo sababu hatuna haki ya kuwahesabu kwa kubahatisha. Hesabu hiyo ina chanzo. Chanzo kinaonekana, kinafunguka kwa simu ya kawaida, na kinasema jambo tofauti sana na lile tunalosoma hewani. Ndugu msomaji, tufuate njia pamoja, kituo kwa kituo.

Kituo cha kwanza ni ule ukurasa wenyewe. Kabla ya kubonyeza kitu, andika kwenye karatasi sentensi nzima kama ilivyo, usiandike namba peke yake. «Milioni sita waliuawa tangu mwaka wa 1996, Umoja wa Mataifa.» Ndani ya sentensi hiyo kuna madai manne: wangapi, walifikwa na nini, kuanzia lini hadi lini, na nani alisema. Ukifuata namba peke yake utaridhika haraka, juu utaikuta mahali pengi. Ukifuata madai yote manne, utaona lipi linaanguka njiani.

Ukibonyeza kiungo, mara nyingi kinakupeleka kwenye habari nyingine ya gazeti, na hiyo inakupeleka kwenye nyingine tena. Wakati mwingine unazunguka: ukurasa wa kwanza unataja wa pili, wa pili unataja wa kwanza. Hapo ujue umeingia katika kisima kisicho na maji. Kumi wanaorudilia neno la mtu mmoja si mashahidi kumi. Njia ya kutoka ni kutafuta ukurasa wenye tarehe ya zamani zaidi, na kuangalia ule unataja jina gani la shirika au la ripoti. Kiungo kikiwa kimekufa, chukua anwani yake uiweke katika web.archive.org, kurasa nyingi za miaka ya 2000 zimehifadhiwa pale.

Jina la kwanza utakalokuta ni Umoja wa Mataifa, na wengi wanataja ile ripoti kubwa ya uchunguzi ambayo Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa tarehe 1 Oktoba 2010, ile tunayoita kwa kifupi Ripoti Mapping. Ifungue. Ni kitabu cha kurasa zaidi ya 500. Inaeleza matukio 617 ya ukatili mkubwa yaliyotendeka kati ya Machi 1993 na Juni 2003, moja baada ya lingine, na mahali pake. Ni kazi nzito, na kila mwandishi wa habari wa Kivu, wa Ituri au wa Tanganyika angepaswa kuisoma kurasa za eneo lake. Lakini kazi yake haikuwa kuhesabu wafu wote wa inchi. Wachunguzi walikusanya ushahidi wa matukio, hawakutoa jumla ya milioni. Mwenye kusema «milioni sita, Ripoti Mapping» anaonyesha tu kwamba hajaifungua.

Basi dai la «nani alisema» limeanguka. Tunarudi nyuma na kuchukua njia nyingine, na hiyo inatufikisha kwenye herufi tatu: IRC, yaani Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji, shirika la msaada lenye makao yake Amerika. Januari 2008 walitoa ripoti ya uchunguzi wao wa tano juu ya vifo Kongo. Ukiitafuta namba ndani ya ripoti, andika 5.4 kwa nukta kama ni nakala ya Kiingereza, na 5,4 kwa mkato kama ni ya Kifaransa, juu bila hiyo mashine itakuambia hakuna kitu na wewe utaamini.

Hapo ndipo mzizi ulipo. Milioni 5.4. «Sita» ni matokeo ya kukunja kwenda juu: kwanza tano na nusu, kisha «karibu sita», kisha «sita», kisha «zaidi ya sita» kwa sababu miaka imepita. Nane, kumi na kumi na mbili hazina uchunguzi wa namna hiyo nyuma yake. Ni ile ile namba iliyoendelea kukua mdomoni.

Sasa tusome sentensi ya chanzo chenyewe, polepole. IRC wanasema kwamba kuanzia Agosti 1998 hadi Aprili 2007 kulitokea vifo vya ziada milioni 5.4. Hawakuandika kwamba watu milioni 5.4 waliuawa. Waliandika vifo vya ziada. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyopotea njiani, na pamoja nayo ilipotea maana yote.

Kifo cha ziada ni nini? Watu wanakufa hata wakati wa amani: mtoto anakufa kwa malaria, mzee anakufa kwa uzee, mama anakufa akijifungua. Wachunguzi wanapima watu wangapi wanakufa sasa, halafu wanatoa idadi ambayo wangekufa hata kama vita visingekuwepo. Kinachobaki ndicho wanachokiita cha ziada.

Na wanapimaje? Hakuna aliyepita makaburini kuhesabu misalaba. Kwa uchunguzi wa tano, timu zilipita katika nyumba karibu 14,000, katika zoni za afya 35, katika majimbo yote 11 ya wakati ule. Waliuliza katika kila nyumba: mwanzoni mwa Januari 2006 mulikuwa watu wangapi humu? Nani alizaliwa tangu hapo? Nani alikufa, akiwa na umri gani, kwa ugonjwa gani au kwa jambo gani? Majibu hayo yalitoa kiwango: kila mwezi, kati ya watu 1,000, walikufa 2.2. Kwa upande wa pili wa hesabu waliweka 1.5 kwa watu 1,000 kila mwezi, kiwango cha wastani cha Afrika kusini ya Sahara, wakichukua kwamba Kongo bila vita ingekuwa hapo.

Tufanye hesabu hiyo hapa, mwanafunzi wa sekondari anaiweza. 2.2 ukitoa 1.5 inabaki 0.7 kwa watu 1,000. Tuchukue wakaaji karibu milioni 65. Milioni 65 ni elfu mara 65,000. 65,000 mara 0.7 inatoa 45,500. Hiyo ndiyo ile «vifo 45,000 kila mwezi» iliyotangazwa dunia nzima mwaka wa 2008, na ambayo hadi leo kuna kurasa zinazoiandika kana kwamba ni ya mwezi uliopita. Ni ya Januari 2006 hadi Aprili 2007. Imekwisha umri wa kijana wa sekondari.

Sasa gusa namba moja tu. Badala ya 1.5, weka 2.0. Kiwango cha kupimwa kinabaki 2.2, nyumba ni zile zile, wafu ni wale wale. Tofauti inakuwa 0.2, na 65,000 mara 0.2 inatoa 13,000. Kutoka 45,500 tumeshuka hadi 13,000 kwa mwezi, na hakuna maiti hata moja iliyofufuka. Tumebadilisha jibu la swali moja: bila vita, Wakongomani wangapi wangekufa?

Si mchezo wangu. Mwaka wa 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walishambulia hesabu ya IRC mahali hapo hapo. Walisema Zaire ilikuwa imeharibika kabla ya vita. Hospitali zilikuwa zimekufa, watumishi hawalipwi, na kwa hiyo kuiweka kwenye wastani wa Afrika ni kuipendelea. Wakaweka 2.0. Kwa kipindi cha chunguzi tatu za mwisho, yaani Mei 2001 hadi Aprili 2007, vifo vya ziada vilishuka kutoka milioni 2.8 hadi chini ya 900,000. Wakasema pia kwamba chunguzi mbili za kwanza, za mwaka wa 2000 na 2001, zilifanywa katika maeneo machache ya mashariki, kati yao Katana na Kabare, na kwamba huwezi kupima Katana na Kabare kisha ukasema umepima mashariki yote. Mwaka wa 2008 wataalamu wawili wa idadi ya watu kutoka Ubelgiji, kwa njia nyingine kabisa, walifika karibu na laki mbili kwa miaka ya 1998 hadi 2004.

IRC nao wana neno lao, na ni lazima tulisikie. Timu zao hazikufika mahali ambapo risasi zilikuwa zinalia. Kijiji kilichochomwa na watu wake wakatawanyika porini, hakuna mlango wa kugonga. Nyumba ambayo wote walikufa haina mtu wa kujibu swali. Kwa hiyo upo uwezekano pia kwamba walihesabu chini. Wenyewe waliandika kwamba milioni 5.4 ni makadirio, na kwamba ukweli unaweza kuwa mahali popote kati ya milioni 3.0 na 7.6. Mpaka huo mpana wa milioni zaidi ya nne ulikuwa ndani ya chanzo. Hakuna ukurasa wa Agosti unaoubeba.

Na chini ya yote kuna shimo ambalo mtafiti wa kigeni hawezi kulifukia: hesabu kamili ya mwisho ya wakaaji wa inchi hii ilifanywa mwaka wa 1984. Ile «milioni 65» niliyoiweka hapo juu ni makadirio juu ya makadirio. Serikali iliyoshindwa kuwahesabu walio hai kwa miaka 40 haiwezi kudai kwamba imewahesabu waliokufa.

Tuje kwenye neno lenye uzito zaidi, «waliuawa». Ripoti hiyo hiyo ya tano inasema kwamba kati ya vifo vyote vya Januari 2006 hadi Aprili 2007, vile vilivyosababishwa moja kwa moja na silaha na ukatili vilikuwa asilimia 0.4. Vingine vilikuwa malaria, kuhara, homa ya mapafu, utapiamlo, na vichanga waliokufa siku za kwanza. Watoto chini ya miaka mitano walikuwa asilimia 19 ya watu, lakini walikuwa asilimia 47 ya wafu. Karibu kila jeneza la pili lilikuwa la mtoto.

Hapa wanatokea watu wa upande wa pili, wale wenye faida ya kupunguza. Wanashika ile 0.4 na kuipaka juu ya vita vyote: «Munaona? Hakuna aliyeuawa, ni malaria tu.» Nao wamefanya kosa lile lile, wamechukua namba wakaacha tarehe yake. 0.4 ni ya 2006 na 2007, miaka ambayo vita vikubwa vilikuwa vimetulia katika sehemu nyingi za inchi. Rudi kwenye uchunguzi wa kwanza, ule wa mwaka wa 2000. Ulikadiria vifo vya ziada milioni 1.7 mashariki kwa miezi 22, na kati yake 200,000 kwa ukatili wa moja kwa moja. Hiyo ni zaidi ya mmoja kati ya tisa. Uchunguzi huo una udhaifu wake niliokwisha kuutaja, lakini mwenye kuitumia 0.4 bila kutaja 200,000 anachagua ukurasa anaoupenda.

Na hata «malaria tu» ni uongo mkubwa. Malaria inatibika kwa vidonge vya bei ndogo. Mtoto wa Kalonge au wa Moba aliyekufa kwa malaria mwaka wa 1999 alikufa kwa sababu kituo cha afya kilikuwa kimeibiwa hata magodoro, muuguzi alikuwa amekimbia, barabara ilikuwa na kizuizi cha watu wenye silaha, na mama yake alikuwa amelala porini wiki tatu. Vita vilimfikia bila risasi. Lakini ukisema «aliuawa», ukamweka pamoja na waliochinjwa, unamfuta mara ya pili: hakuna tena anayeuliza nani aliiba dawa, nani alifunga barabara, na kwa nini hadi sasa kile kituo hakina chanjo.

Kuna ndugu wanaoniambia: «Kaka, acha kubishana juu ya wafu. Namba kubwa inaisukuma dunia, na wewe unawasaidia wauaji.» Ninawaheshimu wanaosema hivyo, wengi wao wamezika. Lakini ninakataa, na sababu yangu ni ya kazi. Namba isiyo na mzizi ni zawadi kwa wakili wa muuaji. Atasimama katika tribinali, au kwenye televisheni, na kuuliza swali moja: «Milioni kumi, alihesabu nani?» Hatutakuwa na jibu. Na siku hiyo ataangusha pamoja nayo Makobola, Kasika, Kisangani na Mwenga, mauaji ambayo yana mahali, yana tarehe, yana mashahidi walio hai, na yameandikwa katika ile ripoti ambayo hatuisomi.

Tena, namba kubwa haikuisukuma dunia. Milioni 5.4 imekuwa ikisomwa tangu mwaka wa 2008. Tuliiongeza hadi sita, hadi nane, hadi kumi. Angalieni wenyewe barabara zetu, kambi zetu na vituo vyetu vya afya, kisha muniambie hiyo nyongeza ilileta nini.

Kwa hiyo ninaomba wenzangu wa redio, na wote wenye kurasa, mambo mawili tu. La kwanza: namba isisomwe kabla mtu mmoja wa chumba cha habari hajafika kwenye hati ya kwanza na kuona kwa macho yake wangapi, walifikwa na nini, kutoka lini hadi lini, na ikilinganishwa na nini. Hati ikiwa haipatikani, habari isomwe bila namba. La pili: neno «waliuawa» libaki la wale waliouawa.

Na kwa anayesema kwamba ukweli huo ni mrefu mno kwa habari za asubuhi, hii hapa sentensi, nimeipima kwa saa, haifiki nusu dakika: «Shirika la IRC lilikadiria mwaka wa 2008 kwamba vita na matokeo yake vilisababisha vifo vya ziada milioni 5.4 nchini Kongo kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007, wengi wao kwa magonjwa na njaa, karibu nusu wakiwa watoto katika uchunguzi wa mwisho. Watafiti wengine wanasema idadi hiyo ni ndogo zaidi. Hakuna aliyewahesabu wote.»

Isomeni hivyo mwezi wa nane. Kisha, dakika inayobaki, someni jina la kijiji kimoja, tarehe yake, na yaliyotendeka pale.